Manowari Imetia Nanga Bandarini Kwako: Mwongozo Kamili kwa Nchi Isiyo na Upande Vitani

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 14 Desemba 1939, muda mfupi baada ya saa sita, manowari ya Kijerumani iitwayo Admiral Graf Spee ilitia nanga katika bandari ya Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Asubuhi ya siku iliyotangulia ilikuwa imepigana na manowari tatu za upande wa Uingereza: Exeter, Ajax na Achilles. Mwili wake ulikuwa umetobolewa na makombora, jiko lake limevunjwavunjwa, na ndani yake mlikuwa na maiti 36, majeruhi wengi, na mabaharia wa Kiingereza takriban 60 waliotekwa kutoka kwenye meli za biashara ambazo manowari hiyo ilikuwa imezizamisha. Nje ya mlango wa mto wa La Plata, ulio kati ya Uruguay na Argentina, Ajax na Achilles zilikuwa zinaingoja.

Uruguay haikuwa na ugomvi na Ujerumani wala Uingereza. Ilikuwa nchi ndogo yenye jeshi dogo la majini, na manowari ile moja ingeweza kuuchakaza mji kwa mizinga yake. Hata hivyo, ndani ya siku nne, ni Uruguay iliyoamua meli ikae hadi lini, itengenezwe nini, na itoke saa ngapi. Haikufyatua hata risasi moja. Ilitumia saa ya ukutani, kalamu, na kanuni zilizojulikana na kila mtu.

Kisa hiki nakipenda kuliko vingine vyote vya aina yake, kwa sababu ndani yake karibu kila haki na kila wajibu wa nchi isiyo na upande unaonekana ukifanya kazi. Kwa hiyo nitakifuata hatua kwa hatua, kana kwamba wewe ndiye ofisa uliyeamshwa usiku ule na kuambiwa: kuna manowari bandarini, tufanye nini?

Kwanza, kanuni zenyewe ziko wapi

Mwaka 1907, mataifa yalikutana mjini The Hague, Uholanzi, yakaandika mikataba kadhaa kuhusu vita. Miwili inatuhusu hapa. Mkataba wa tano unaeleza haki na wajibu wa nchi zisizo na upande kwenye vita vya nchi kavu. Wa kumi na tatu unaeleza mambo hayo hayo kwa vita vya baharini, na ndio tutakaoushika zaidi.

Uingereza iliusaini huo wa kumi na tatu lakini haikuuridhia. Msomaji anaweza kuuliza: basi uliwabanaje? Ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyoandikwa ilikuwa desturi ya mabaharia na serikali tangu zamani, na mkataba uliikusanya tu na kuinyoosha. Kule Montevideo Waingereza, Wajerumani na Wauruguay walibishana kwa lugha ya mkataba ule ule. Hakuna aliyesema kanuni hazipo. Walibishana zinasema nini.

Hatua ya kwanza: tangaza kanuni zako kabla meli haijafika

Nchi hutangaza kwamba haina upande mara vita vinapoanza kati ya nchi nyingine. Tangazo lenyewe ni sentensi chache tu. Kazi kubwa iko kwenye masharti yanayoambatana nalo: manowari za nchi zinazopigana zikae bandarini muda gani, ziingie ngapi kwa pamoja, maeneo gani zisiyakaribie. Usipoweka masharti yako, mkataba una ya kwake. Muda ni saa 24, na meli za upande mmoja zisizidi tatu katika bandari moja.

Ibara ya 9 inataka masharti hayo yawe sawa kwa pande zote mbili. Hapa watu wengi hujikwaa. Usawa unaotakiwa ni wa kanuni, si wa matokeo. Kanuni moja inaweza kumuumiza mmoja zaidi ya mwenzake, kwa sababu mmoja yuko karibu na nyumbani na mwingine ametoka mbali, au mmoja ana meli nyingi na mwingine hana. Hilo si kosa lako. Kosa ni kuibadilisha kanuni katikati ya vita kwa kuwa umeona inamuumiza rafiki yako. Utangulizi wa mkataba unaruhusu mabadiliko pale tu ambapo uzoefu umeonyesha kwamba nchi inayahitaji ili ilinde haki zake yenyewe.

Tangazo hilo pia linaibana serikali yako. Haiwezi kumpa yeyote kati ya wanaopigana manowari, risasi wala zana yoyote ya vita, hata kwa kupitia mlango wa nyuma. Ajabu ni kwamba mkataba hauilazimishi serikali kuwazuia wafanyabiashara wake binafsi wasiuze silaha nje. Inaweza kuwaruhusu au kuwazuia, mradi yote mawili yafanywe kwa usawa. Mpaka kati ya serikali na mfanyabiashara ulikuwa rahisi kuuona mwaka 1907. Siku hizi, ambapo karibu kila silaha hutoka kwa kibali cha serikali, mpaka huo umefifia sana, na mtu akikuambia serikali haihusiki kwa kuwa muuzaji ni kampuni, muulize kwanza kibali kilisainiwa na nani.

Kuna jambo moja ambalo hata mfanyabiashara binafsi haruhusiwi kulifanya, na serikali inapaswa kumzuia: kuunda au kuipa silaha meli ya kwenda kupigana. Funzo hili liliigharimu Uingereza pesa nyingi. Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli iliyoundwa Birkenhead iliachiwa itoke, ikaja kuwa Alabama, manowari ya majimbo ya Kusini iliyoharibu meli nyingi za biashara za Kaskazini. Mwaka 1872, wasuluhishi waliokaa Geneva waliiamuru Uingereza iilipe Marekani dola milioni 15.5 za dhahabu. Tangu hapo hakuna serikali inayoweza kujitetea kwamba haikujua, huku dalili zote zilikuwa mbele ya macho yake.

Hatua ya pili: andika saa

Manowari ikishatia nanga, jambo la kwanza si kumkaribisha kapteni wala kumfokea. Ni kuandika saa. Saa ya kuingia ndiyo itakayohesabiwa na kila balozi atakayebisha hodi wizarani kesho yake asubuhi. Kisha unamjulisha kapteni kwa maandishi kwamba muda wa kawaida ni saa 24.

Kumbuka kwamba kuingia kwenyewe si kosa. Meli haivunji hadhi yako ya kutokuwa na upande kwa kupita tu kwenye bahari yako, na unaruhusiwa kuipa rubani wa kuiongoza. Kosa ni kupigana humo, kukamata au kupekua meli nyingine humo, au kuigeuza bandari yako kituo cha vita. Mfano wa kituo cha vita uliotajwa kwa jina katika mkataba ni mitambo ya mawasiliano ya redio. Kwa hiyo mtume ofisa wako akaone kama ndani ya bandari meli inatumia redio yake kupeleka habari za vita, na aulinde mlango wa bandari.

Muda unaweza kuongezwa kwa sababu mbili tu: hali mbaya ya hewa, au uharibifu wa meli. Kapteni wa Graf Spee, Hans Langsdorff, aliitaja hiyo ya pili.

Hatua ya tatu: kagua kwa macho yako

Ibara ya 17 inampa mwenye bandari neno la mwisho kuhusu matengenezo. Si kapteni anayeamua kinachohitaji kutengenezwa, wala si balozi wake, wala si balozi wa adui yake. Ni mamlaka za nchi isiyo na upande. Na swali wanalopaswa kulijibu ni moja: je, meli hii inaweza kusafiri baharini kwa usalama? Haliulizwi swali la kama inaweza kupigana.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa mambo yote. Chukua mfano wa tundu kwenye omo, sehemu ya mbele inayopasua mawimbi. Tundu hilo likiachwa, bahari chafu ya Atlantiki ya Kaskazini itaingia ndani, na meli inaweza kuzama na watu wake. Basi lizibwe. Mzinga ulioharibika, kwa upande mwingine, hauzamishi meli. Vivyo hivyo chombo cha kupimia umbali wa shabaha. Hivyo havitengenezwi bandarini kwako, hata kama fundi yuko tayari na vipuri viko mkononi, kwa sababu ukivitengeneza umeongeza nguvu ya kupigana ya upande mmoja, na papo hapo umeshaingia vitani kwa mlango wa karakana.

Katikati ya hayo mawili kuna mambo yanayobishaniwa. Jiko la Graf Spee ni mfano mzuri. Watu zaidi ya 1,000 hawawezi kuvuka bahari kwa wiki kadhaa bila chakula kilichopikwa, kwa hiyo Wajerumani walikuwa na hoja waliposema jiko ni sehemu ya usalama wa safari. Ila jiko halihitaji wiki mbili.

Na wiki mbili ndizo walizoomba. Uruguay haikubishana nao mezani. Jioni ile ile ya tarehe 14 ilipeleka wataalamu wake wa majini melini, wakaangalia wenyewe, wakarudi nchi kavu na ripoti. Kwa kuitegemea ripoti hiyo, serikali ikatoa saa 72.

Ukitaka kujua kama ombi la matengenezo ni la kweli, usianze na orodha uliyoletewa. Anza na meli. Omba kuonyeshwa kila tundu, liko juu au chini ya mstari wa maji, na maji yanaingia kiasi gani. Linganisha na siku zinazoombwa. Kapteni anayeomba siku nyingi kwa matundu machache huenda anangoja kitu kingine, kama vile nyambizi za kwao au giza la usiku usio na mwezi.

Hatua ya nne: toa muda kwa maandishi, kisha usiyumbe

Saa 72 zilihesabiwa tangu wataalamu walipomaliza kazi yao, kwa hiyo ziliisha Jumapili, tarehe 17 Desemba, saa mbili usiku. Tarehe na saa ilikuwa moja, haina tafsiri mbili. Mpe kapteni muda wa namna hiyo. Ukimwambia "siku tatu", utaanza kubishana kama siku ya kwanza ni leo au kesho.

Sasa angalia kilichotokea kwa mabalozi, maana hapa ndipo serikali nyingi huyumba. Mwakilishi wa Uingereza, Eugen Millington-Drake, alianza kwa kudai meli ifukuzwe baada ya saa 24 kama kanuni ya kawaida inavyosema. Halafu Waingereza wakahesabu meli zao. Nje walikuwa na Ajax na Achilles zilizokwisha kupigwa. Exeter ilikuwa imeumia vibaya mno na kuondoka kwenda visiwa vya Falkland. Manowari Cumberland ilifika usiku wa tarehe 14, lakini meli kubwa, Renown na Ark Royal, zilikuwa bado mbali sana. Ghafla waliona afadhali Graf Spee ikae. Mwakilishi wa Ujerumani, Otto Langmann, naye alitaka ikae, kwa sababu zake.

Hebu fikiria umekaa kwenye kiti cha waziri wa mambo ya nje wa Uruguay, Alberto Guani. Siku moja Mwingereza anakuambia itoke, kesho yake anatamani isitoke. Kama ungekuwa unatafuta kumridhisha mtu, ungekuwa umebadilisha uamuzi mara mbili, na mara zote mbili ungekuwa umekosea. Guani alishikilia ripoti ya wataalamu. Wajerumani walilalamika kwamba muda ni mdogo, akawakatalia. Naamini alifanya sawasawa, na alifanya hivyo akijua fika kwamba mizinga ya meli ile inafika ofisini kwake.

Kwa jambo hilo mkataba unampa kinga. Ibara ya 26 inasema nchi isiyo na upande inapotumia haki zake, tendo hilo kamwe halihesabiwi kuwa la uadui. Mkataba wa tano unakwenda mbali zaidi: hata ukitumia nguvu kumzuia anayevunja hadhi yako, huwezi kuambiwa umeanzisha vita.

Hatua ya tano: simamia foleni ya kutoka

Kanuni hii wengi hawaijui, na ndiyo iliyotumiwa kwa ustadi mkubwa kule Montevideo. Ibara ya 16 inasema kwamba manowari za pande mbili zikikutana katika bandari yako, lazima zipite saa 24 kati ya kuondoka kwa moja na kuondoka kwa nyingine, na iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka. Shabaha yake ni kuzuia zisifukuzane mlangoni pako. Kisha ibara hiyo inaongeza: manowari isiondoke bandarini mpaka zipite saa 24 tangu meli ya biashara yenye bendera ya adui yake ilipoondoka. Hapo shabaha ni kumpa mfanyabiashara nafasi ya kukimbia.

Waingereza waliigeuza kinga hiyo kuwa kamba. Bandarini mlikuwa na meli zao za biashara. Jioni ya tarehe 15 waliitoa mojawapo, Ashworth. Mara moja Graf Spee ikawa imefungwa mpaka jioni ya tarehe 16. Jioni ya tarehe 16 wakatoa nyingine, Dunster Grange, nayo ikaifunga mpaka jioni ya tarehe 17.

Sasa weka hesabu mbili pamoja. Kwa foleni ya ibara ya 16, Langsdorff hakuweza kutoka kabla ya jioni ya Jumapili. Kwa muda aliopewa, hakuweza kubaki baada ya saa mbili usiku wa Jumapili hiyo hiyo. Siku tatu zimebanwa zikawa saa chache, na adui zake nje wanajua saa zenyewe.

Je, Uruguay ilikuwa inaonea? Hapana. Ilitumia kanuni ileile ambayo ingeitumia kama meli za biashara zingekuwa za Kijerumani na manowari ya Kiingereza. Lakini ukiwa mwenye bandari jihadhari na mchezo huu. Upande wenye meli nyingi za biashara unaweza kuzitoa moja moja kila siku na kuifunga manowari ya adui hadi uchoke. Njia salama ni kuweka mapema, kwenye masharti ya hatua ya kwanza, kwamba meli ya biashara ya nchi inayopigana itoe taarifa kabla ya kuondoka, na kwamba wewe ndiwe unayepanga saa. Ukiweka sharti hilo baada ya mchezo kuanza, utaonekana umeliweka kwa ajili ya mtu fulani.

Hatua ya sita: chakula na mafuta

Hapa si pa kukaa sana. Manowari inaweza kuongeza chakula hadi kiwango chake cha kawaida cha wakati wa amani. Mafuta inapewa ya kuifikisha bandari ya karibu ya nchi yake, au kujaza matangi kama nchi yako imechagua utaratibu huo. Ikishachukua mafuta kwako, haiwezi kuja kuchukua tena katika bandari yako yoyote ndani ya miezi 3. Risasi, baruti, vipuri vya mizinga na mabaharia wa kujazia nafasi za waliokufa havitolewi kabisa. Weka kitabu: jina la meli, tarehe, tani ngapi. Bila kitabu hicho sharti la miezi mitatu halina maana, kwa kuwa bandari ya pili haitajua kilichotolewa na ya kwanza.

Hatua ya saba: watu waliomo ndani

Majeruhi hushushwa wakatibiwe. Wafu huzikwa. Tarehe 15 Desemba Langsdorff aliwazika watu wake 36 mjini Montevideo, na umati mkubwa ulihudhuria. Mabaharia wa Kiingereza aliokuwa amewashika aliwaachia mara baada ya kufika. Kwenye mkataba wa nchi kavu jambo hili limewekwa wazi: mateka wa vita wanaoletwa na kikosi kilichokimbilia katika nchi isiyo na upande huachwa huru. Ardhi yako haiwezi kuwa gereza la upande mmoja.

Wanajeshi wenyewe ni habari nyingine. Askari wa nchi kavu wakivuka mpaka kukukimbilia, unawapokonya silaha na kuwazuia mahali mbali na uwanja wa vita mpaka vita viishe. Unawalisha na kuwavisha, na amani ikirudi nchi yao inakulipa gharama.

Hatua ya nane: muda ukiisha

Meli isipotoka saa iliyopangwa, ibara ya 24 inakupa uwezo wa kuifanya isiweze kwenda baharini hadi mwisho wa vita. Mabaharia na maofisa wake nao huzuiliwa. Kwa vitendo, manowari husogezwa mahali penye ulinzi, sehemu muhimu za mashine zake hutolewa na kuwekwa ghalani nchi kavu, na watu wachache huachwa melini kuitunza.

Njia hiyo ilikuwa wazi kwa Langsdorff. Serikali yake huko Berlin ilimwamuru asikubali kuzuiliwa Uruguay. Jumapili tarehe 17, kama saa 12 na robo jioni, Graf Spee iling'oa nanga mbele ya maelfu ya watu waliojaa ufukweni wakitazamia vita. Meli ya biashara ya Kijerumani, Tacoma, iliifuata nyuma. Ilipofika nje ya bandari ikasimama, mabaharia wakashushwa, na kama saa mbili usiku, dakika ambayo muda wake ulikuwa unaisha, ikalipuliwa na watu wake wenyewe.

Mabaharia walivuka kwenda Buenos Aires kwa tagi na tishari. Wajerumani walitumaini Argentina ingewahesabu kuwa watu waliovunjikiwa na meli, ambao desturi huwaacha huru. Argentina ikaamua kuwazuilia. Hawakuvunjikiwa na meli: waliivunja wenyewe ili wasizuiliwe ng'ambo ya pili ya mto, na Argentina nayo ilikuwa na wajibu ule ule kama Uruguay. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Langsdorff alijiua mjini humo.

Kanuni hizi zinaishia wapi

Mkataba haukudai kwamba nchi ndogo iwe na nguvu za dola kubwa. Ibara ya 25 inataka uangalizi "kwa kadiri ya njia ilizo nazo". Nchi yenye boti mbili hailaumiwi kwa kushindwa kuzizuia manowari kumi. Hulaumiwa isipojaribu, au ikifumba macho.

Mpaka mwingine ulikuja na Umoja wa Mataifa mwaka 1945. Baraza la Usalama likitoa amri inayozifunga nchi wanachama, kwa mfano kumnyima silaha mmoja wa wanaopigana, nchi haiwezi kuikataa kwa kusema haina upande, kwa kuwa wajibu wa hati ya umoja huo uko juu ya mikataba mingine. Baraza likigawanyika lisitoe amri yoyote, kanuni za zamani zinabaki zilivyo.

Unavyoweza kukosea: kisa cha Altmark

Graf Spee ilikuwa na meli ya kuihudumia, Altmark, iliyoibebea mafuta na pia mabaharia wengine waliotekwa. Hao hawakuwa na bahati ya kufika Montevideo. Mwezi Februari 1940 Altmark ilikuwa inarudi Ujerumani ikipita ndani ya bahari ya Norway, nchi isiyo na upande, ikiambaa na pwani yake ndefu. Ndani yake mlikuwa na Waingereza 299.

Maofisa wa Norway walipanda melini zaidi ya mara moja. Waliambiwa ni meli ya serikali, haina silaha za kuogopwa wala mateka, na hawakufungua maghala ya chini. Waliiruhusu iendelee. Tarehe 16 Februari manowari ya Uingereza, Cossack, iliingia katika ghuba nyembamba ya Jøssingfjord, usiku wanajeshi wake wakaivamia Altmark, wakawaua Wajerumani kadhaa na kuwachukua wafungwa wote wa Kiingereza. Boti za Norway zilizokuwapo zilipinga kwa maneno. Kwa nguvu hazikuweza.

Uingereza ilivunja hadhi ya Norway, hilo halina ubishi: ilitumia silaha ndani ya bahari isiyo yake. Norway ililalamika, ikasema kwamba kupita tu si kosa, na kwamba kanuni ya saa 24 inahusu kukaa, si kupita. Uingereza ikasema meli iliyojificha pwani ya wengine kwa mamia ya maili huku imebeba mateka haipiti tu, inatumia pwani ile kama ngao. Wanasheria wanabishana kuhusu hoja hizo mpaka leo, na mimi naona Norway ilikuwa na haki zaidi kwenye suala la kupita, ikakosea kwenye suala la kukagua.

Maana dalili zilikuwapo. Meli kubwa ya mafuta, yenye wanamaji wengi kupita kazi yake, ilikataa kupekuliwa. Wafungwa walikuwa wanapiga kelele na kugonga vyuma ili wasikike, nao Wajerumani wakawasha winchi za sitahani ili mngurumo wake uwafunike. Ofisa wa Norway aliyesimama sitahani, akisikia winchi zinanguruma wakati hakuna mzigo unaopandishwa wala kushushwa, alipaswa kuomba zizimwe.